Kukamua jenereta ya mionzi: hesabu ya kesho asubuhi

Katika idara ya tiba ya nyuklia kazi ya siku huanza kwenye jenereta kabla ya kumfikia mgonjwa. Usifikirie ile ya dizeli inayonguruma nyuma ya duka umeme ukikatika. Hii ni kimya, nayo ni nzito kwa sababu imezungushiwa risasi ya kuzuia mionzi. Ndani yake kuna bomba dogo lililojaa unga wa alumina, na kwenye unga huo imenatishwa molibdeni-99. Asubuhi fundi huchomeka kichupa cha maji ya chumvi upande mmoja na kichupa kilichoondolewa hewa upande wa pili. Maji huvutwa, hupenya kwenye unga, na hutoka yamebeba kitu kingine kabisa: tekneti-99m. Molibdeni yenyewe hubaki imeng'ang'ania palepale. Wenye kazi hiyo husema wamekamua, na hakuna neno linalofaa zaidi, kwa kuwa kilichokamuliwa leo kesho kinakuwa kimejaa tena.

Tekneti-99m ndiyo inayodungwa kwa mgonjwa ili kamera ya gama ione mifupa, moyo, figo au tezi ya shingo. Nusumaisha yake ni saa 6, maana yake ni kwamba kila saa 6 zikipita, nusu ya atomu zilizokuwapo zimeshageuka. Hilo ni jema kwa mgonjwa, kwa sababu mionzi haikai mwilini muda mrefu, lakini ni balaa kwa msafirishaji. Kitu kinachopungua kwa nusu kila saa 6 huwezi kukiagiza kutoka nchi ya mbali. Ndiyo maana Walter Tucker na Margaret Greene, wakiwa katika maabara ya Brookhaven jimboni New York mwishoni mwa miaka ya 1950, walibuni njia ya kusafirisha mzazi badala ya mtoto. Mzazi ni molibdeni-99, ambayo nusumaisha yake ni saa 66. Hiyo inatosha kutoka kwenye kinu, kwa mfano kile cha SAFARI-1 kilichoko Pelindaba, Afrika Kusini, kupanda ndege na kufika hospitali ikiwa bado na nguvu.

Sasa fundi amekamua saa moja asubuhi. Tekneti yote imetoka. Swali lake ni moja: kesho saa moja asubuhi nitakuta kiasi gani? Kwa jibu hilo ndipo atajua aandikishe wagonjwa wangapi. Hawezi kungoja kesho ifike ndipo ahesabu.

Tuweke mambo kwenye karatasi. Iite idadi ya atomu za molibdeni x, na idadi ya atomu za tekneti-99m y. Atomu nururifu haina kumbukumbu wala uzee. Katika kila saa ina uwezekano uleule wa kumeguka, iwe imetoka kinuni jana au mwezi uliopita. Uwezekano huo hupatikana kwa kugawa 0.693 kwa nusumaisha. Kwa molibdeni ni 0.0105 kwa saa, na kwa tekneti-99m ni 0.1155 kwa saa. Kwa hiyo kasi ya kupungua kwa molibdeni ni 0.0105 mara x. Kati ya atomu za molibdeni zinazomeguka, kama asilimia 87.5 huwa tekneti-99m. Zinazobaki hurukia moja kwa moja tekneti-99, ndugu yake aliyetulia, ambaye nusumaisha yake ni zaidi ya miaka 200,000 na kamera haimwoni. Tekneti-99m nayo ikimeguka huishia kuwa huyohuyo tekneti-99. Tumwite z.

Kwa hiyo tuna milinganyo tofautishi mitatu. Alama ya mkato juu ya herufi inamaanisha kasi ya kubadilika kwa saa:

```
x' = -0.0105 x
y' =  0.0091875 x - 0.1155 y
z' =  0.0013125 x + 0.1155 y
```

Hiyo 0.0091875 ni asilimia 87.5 ya 0.0105, na 0.0013125 ni masalio yake. Mlinganyo wa kwanza ungekuwa peke yake, kila aliyesoma hesabu za kidato cha sita angeujibu bila kukuna kichwa: x baada ya muda t ni x ya mwanzo mara e iliyopandishwa kwa kipeo cha -0.0105t, ambapo e ni ile namba 2.718 na kuendelea. Ugumu unaanzia kwenye wa pili. Kasi ya y inategemea x, na x yenyewe haitulii. Huwezi kujibu mmoja ukauacha mwingine.

Hatua inayofuata inaonekana ndogo. Tunazichukua x, y na z na kuzipanga kama kitu kimoja, tukiite u, na zile namba tunazipanga kwenye jedwali moja la mistari mitatu na safu tatu, yaani matriksi A:

```
        -0.0105      0        0
A  =     0.0091875  -0.1155   0
         0.0013125   0.1155   0
```

Milinganyo yote mitatu sasa imekuwa mmoja: u' = A u. Umefanana kabisa na ule wa kwanza, isipokuwa mahali pa namba moja pana jedwali. Mtu mwenye ujasiri atauliza: kama jibu la x' = ax ni e kwa kipeo cha at, kwa nini jibu la u' = A u lisiwe e kwa kipeo cha At?

Swali hilo lina haki ya kuchekwa kwanza. Kupandisha e kwa kipeo cha 2 ni kuizidisha mara mbili. Kuipandisha kwa kipeo cha jedwali ni kuizidisha mara ngapi? Haina maana, mpaka tuipe maana. Maana hiyo hutoka kwenye mfululizo ambao wanahesabu waliujua zamani kwa namba za kawaida. Mtaliano Giuseppe Peano aliutumia kwa mifumo ya milinganyo kama hii tangu 1888:

```
e^(At) = I + At + (At)^2/2 + (At)^3/6 + (At)^4/24 + ...
```

Herufi I ni matriksi yenye 1 kwenye mshazari na 0 kwingine kote. Ukizidisha kitu chochote nayo, kitu kinabaki kilivyo. Vigawanyo 2, 6, 24 ni zao la 2×1, 3×2×1, 4×3×2×1 na kuendelea. Hapa hakuna e iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe. Kuna matriksi kuzidishwa na kujumlishwa tu, na hayo tunayaweza. Tena mfululizo huu hutulia na kufikia jibu kwa matriksi yoyote ile ya mraba, kwa sababu vigawanyo hukua haraka kuliko vipeo.

Kwa nini liwe ndilo jibu letu? Angalia kasi ya kila kipande t inapokwenda mbele. I haibadiliki, kwa hiyo kasi yake ni sifuri. Kasi ya At ni A. Kasi ya A²t²/2 ni A²t, yaani A mara kipande kilichotangulia. Kasi ya A³t³/6 ni A³t²/2, vilevile A mara kilichotangulia. Kila kipande kikitafutiwa kasi kinarudi nyuma hatua moja na kuacha A mbele yake. Kwa hiyo kasi ya mfululizo mzima ni A mara mfululizo mzima, na hicho ndicho mlinganyo wetu ulichodai. Na t ikiwa 0 kinabaki I tu, yaani tunaanza pale tulipokuwa. Masharti yote mawili yametimia.

Kwa matriksi yetu, yenye sifuri zote juu ya mshazari, jumla ya mfululizo inaweza kuandikwa kwa mkono. Kwenye mshazari zinakaa e^(-0.0105t), e^(-0.1155t) na 1. Kona inayotutia hamu ni ile inayosema molibdeni imezaa tekneti-99m kiasi gani:

```
0.0875 × ( e^(-0.0105t) - e^(-0.1155t) )
```

Ile 0.0875 ni 0.0091875 ikigawanywa kwa tofauti ya viwango viwili, 0.1155 toa 0.0105, ambayo ni 0.105. Weka t = 0 uone: vipeo vyote viwili vinakuwa 1, tofauti ni sifuri, na kweli sekunde ile baada ya kukamua hakuna tekneti.

Fundi anataka saa 24. Tukiweka t = 24, tunapata:

```
           0.7772    0        0
M  =       0.0625    0.0625   0
           0.1602    0.9375   1
```

Soma safu ya kwanza kutoka juu kwenda chini. Ukianza na atomu 1,000 za molibdeni (zidisha kwa mabilioni upendavyo), baada ya siku moja 777 bado ni molibdeni, karibu 63 ni tekneti-99m zinazongoja kukamuliwa, na 160 zimekwisha kuwa tekneti-99 iliyotulia. Safu ya pili inaeleza hatima ya tekneti-99m iliyokuwapo mwanzoni: saa 24 ni nusumaisha nne, kwa hiyo moja ya kumi na sita imebaki, yaani 0.0625. Kwamba namba hiyohiyo imejitokeza mara mbili kwenye mstari wa kati ni sadfa tu ya nusumaisha hizi mbili na siku ya saa 24. Lakini ni sadfa yenye faida kwa anayehesabu kichwani: tekneti-99m ya kesho ni moja ya kumi na sita ya molibdeni na tekneti-99m za leo zikijumlishwa.

Hapa ndipo napenda kukaa kidogo, kwa sababu thamani halisi ya matriksi hii haiko kwenye jibu moja. M imekuwa "siku moja" iliyogeuzwa kuwa jedwali. Unataka kesho? Zidisha kwa M mara moja. Keshokutwa? Mara mbili. Kipeo cha matriksi kina tabia kwamba e^(A×48) ni e^(A×24) mara e^(A×24), kama ilivyo kwa namba. Kungoja kumekuwa kuzidisha.

Na kukamua nako kunaweza kuandikwa kama matriksi. Tuseme kila mkamuo unatoa asilimia 80 ya tekneti yote, ya aina zote mbili, na kuacha asilimia 20 bombani. Hiyo ni matriksi K yenye 1, 0.2 na 0.2 kwenye mshazari. Wiki nzima ya kazi sasa ni mlolongo wa kuzidisha: ngoja, kamua, ngoja, kamua. Lakini mpangilio haupinduliwi. K mara M ni kungoja siku kisha kukamua. M mara K ni kukamua kisha kungoja siku. Kona ya katikati-kushoto ya ile ya kwanza ni 0.0125, ya pili ni 0.0625, na tofauti hiyo ni ya bomba lililotoka kukamuliwa na bomba lililojaa. Matriksi mbili zinaweza kukataa kubadilishana nafasi, na kwa sababu hiyohiyo e^A mara e^B kwa kawaida si e^(A+B). Anayetoka kwenye hesabu za namba moja moja hunaswa hapa mara nyingi.

Fuata hesabu hiyo hatua moja. Baada ya mkamuo wa kwanza wa kesho, zimebaki 777 za molibdeni na 12.5 za tekneti-99m zilizokataa kutoka. Keshokutwa asubuhi tekneti-99m itakuwa moja ya kumi na sita ya 789.5, yaani 49. Kama mkamuo ungetoa kila kitu, ingekuwa 48.6. Masalio, basi, hayaongezi kitu cha maana. Kinachoshusha uzalishaji siku hadi siku ni molibdeni inayopungua kwa karibu robo kila siku. Baada ya siku 7 imebaki asilimia 17, na ndiyo sababu jenereta mpya huletwa takribani kila wiki.

Je, saa 24 ndio muda bora wa kungoja? Kona yetu ile ya tofauti hupanda, hufika kilele, kisha hushuka, na kilele kinapatikana pale kasi ya tekneti-99m kuzaliwa inapolingana na kasi yake ya kufa. Uwiano wa viwango viwili ni 11, na hesabu inatoa saa 22.8. Kwenye kilele kuna atomu 62.6, kwenye saa 24 kuna 62.5. Mtu hahitaji kuamka mapema kwa tofauti hiyo. Cha kusisimua zaidi ni upande wa kupanda: saa 6 tu baada ya kukamua zimeshafika 38, na saa 12 zimefika 55. Hospitali yenye mgonjwa wa dharura mchana inaweza kukamua mara ya pili na kupata zaidi ya nusu ya kilele. Hilo si jambo la kubahatisha. Limo ndani ya e^(At) kwa t yoyote utakayoweka.

Mstari wa tatu, wa tekneti-99 isiyoonekana, unaweza kuonekana kama ziada. Jenereta ikikamuliwa Ijumaa asubuhi na isiguswe tena mpaka Jumatatu, t ni 72, na matriksi inasema: kati ya atomu 1,000, zimebaki 469.5 za molibdeni, 41 za tekneti-99m, na 489 za tekneti-99. Sehemu ya tekneti yote inayofaa kwa kamera imeshuka kutoka asilimia 28 ya saa 24 hadi chini ya asilimia 8. Kikemia aina hizo mbili ni kitu kimoja. Dawa inayochanganywa na tekneti ili iende kwenye mfupa au moyo haiwezi kuzitofautisha, kwa hiyo zile zisizo na faida hugombea nafasi na zenye faida. Mafundi wanaujua vyema mkamuo wa Jumatatu. Wengine hukamua wikendi na kuutupa, ili tu kusafisha bomba.

Mpaka hapa kila kitu kimekwenda vizuri, na msomaji anaweza kudhani mfululizo ule wa Peano ndio mapishi ya kila siku. Ni maana, lakini ni mapishi mabaya. Chukua kipengele kimoja tu, kile cha katikati, kwa saa 24. Jibu ni 0.0625. Ukijumlisha mfululizo kipande kwa kipande, unapitia hapa:

```
1, -1.772, 2.070, -1.480, 0.980, -0.384, 0.246,
-0.003, 0.083, 0.057, 0.064, 0.062, 0.0626, 0.0625
```

Jumla inayumba kwenda juu na chini ya sifuri kabla ya kutulia, kwa sababu vipande vyenyewe ni vikubwa kuliko jibu na vinafutana. Kwa saa 24 si kitu. Sasa weka siku 15, yaani saa 360. Hizo ni nusumaisha 60 za tekneti, na jibu la kweli ni moja gawanya kwa 2 kwa kipeo cha 60, chini ya sehemu moja ya bilioni ya bilioni. Lakini kipande kikubwa cha mfululizo njiani kinafika takribani 70,000,000,000,000,000. Kompyuta ya kawaida hubeba tarakimu kama 16 tu. Namba ya ukubwa huo ikiandikwa humo, hata uniti zake zinakuwa za kukadiria. Vipande vikifutana mwishoni, kinachobaki ni takataka za makadirio hayo: uniti kadhaa, pengine makumi, pengine hasi, mahali panapotakiwa kuwa na karibu sifuri kabisa. Hakuna onyo litakalotokea kwenye skrini. Utaona tu atomu hasi.

Mwaka 1978 Cleve Moler na Charles Van Loan walichapisha makala ambayo kichwa chake kilitangaza njia kumi na tisa za kukokotoa kipeo cha matriksi, zote zenye walakini. Mfululizo mtupu waliuweka miongoni mwa mbaya zaidi, na wakaonyesha matriksi ya mistari miwili tu inayoupotosha kabisa. Baada ya miaka 25 waliichapisha tena makala ileile ikiwa na nyongeza, na walakini ulikuwa haujaisha.

Dawa iliyodumu imetoka kwenye tabia tuliyokwisha kuiona, kwamba kungoja mara mbili ni kuzidisha mara mbili. Saa 360 ni nyingi mno, basi zigawe kwa 2 mara sita: unapata saa 5.625. Kwa muda mfupi hivyo kipeo cha tekneti ni kama -0.65, vipande vya mfululizo vinapungua tangu mwanzo, na hakuna kufutana kwa hatari. Kokotoa matriksi ya saa 5.625 kwa usahihi, kisha izidishe yenyewe kwa yenyewe: imekuwa ya saa 11.25. Tena: 22.5. Tena, tena, mara sita kwa jumla, umerudi saa 360. Programu za leo hufanya hivyo, ila badala ya mfululizo hutumia mgao wa polinomia mbili unaokaribia e kwa hatua chache zaidi.

Kuna anayeuliza kwa nini tusitumie fomula ya mkono, ile ya 0.0875, tukaachana na haya yote. Kwa jenereta inatosha. Harry Bateman alitoa fomula ya jumla ya minyororo ya namna hii tangu 1910 na bado inatumika. Lakini angalia kigawanyo chake: ni tofauti ya viwango viwili. Viwango vikiwa sawa, unagawa kwa sifuri. Vikikaribiana sana, unatoa namba mbili zinazolingana karibu zote na kugawa kwa kinyuzi, na tarakimu za maana zinayeyuka. Mfululizo haujali hilo, kwa sababu haugawi kwa tofauti yoyote. Ukiujumlisha kwa viwango sawa, kona ile inageuka na kuwa kiwango cha kuzaliana mara t mara e^(-λt), ambapo λ ni kiwango hicho cha pamoja cha kumeguka. Hiyo t iliyochomoza mbele ndiyo fomula ya kugawa ilikuwa inashindwa kuitamka.

Kuna mpaka mmoja ambao kipeo cha matriksi hakivuki. Namba za ndani ya A lazima zisibadilike na muda. Kwenye jenereta hazibadiliki: joto la Dar es Salaam wala baridi ya Nairobi havimharakishi wala kumchelewesha mzazi au mtoto kwa kiasi cha kumsumbua fundi. Ndani ya kinu cha nyuklia mambo ni tofauti. Humo kuna aina zaidi ya elfu moja za viini, nyingine zikiishi sehemu ya sekunde na nyingine mamilioni ya miaka, na nyutroni zinazovigeuza hupanda na kushuka kadiri kinu kinavyoendeshwa. Wahandisi hukata muda vipande, huchukulia A kuwa tuli ndani ya kila kipande, kisha huzidisha matriksi za vipande hivyo kwa mpangilio wake. Hata hapo kugawa kwa mbili hakutoshi, kwa sababu tofauti za viwango ni kubwa kupita kiasi. Mwaka 2010 Maria Pusa na Jaakko Leppänen wa Finland walipendekeza njia nyingine ya kukaribia e, iliyotengenezwa kwa ajili ya viwango hasi pekee, nayo sasa imo kwenye programu kadhaa za vinu.

Mwenye kompyuta yenye Python anaweza kujaribu jenereta nzima kwa mistari hii:

```
import numpy as np
from scipy.linalg import expm

A = np.array([[-0.0105,    0.0,    0.0],
              [ 0.0091875, -0.1155, 0.0],
              [ 0.0013125,  0.1155, 0.0]])
u = np.array([1000, 0, 0])
print(expm(A * 24) @ u)
```

Utapata takribani 777.2, 62.5 na 160.2. Mtego uko kwenye jina. Ukiandika `np.exp` badala ya `expm`, Python haitalalamika. Itachukua e kwa kipeo cha kila namba iliyomo kwenye jedwali, moja moja, na kukupa jedwali jingine lenye sura ya kuaminika. Kwenye matriksi yetu mshazari utatoka sahihi kabisa, jambo linalozidisha udanganyifu. Lakini e kwa kipeo cha 0 ni 1, kwa hiyo kila sifuri imekuwa 1, na atomu 1,000 za jana zitakuwa zimezaa zaidi ya 3,000 leo.

Namna ya kulikamata kosa hilo, na mengi mengine, ni kujumlisha. Ukitazama A, utaona kila safu inajumlisha sifuri, kwa sababu atomu inayotoka sehemu moja lazima iingie nyingine. Matokeo yake ni kwamba kila safu ya e^(At) lazima ijumlishe 1 kwa t yoyote, na kusiwe na namba hasi mahali popote. Weka t = 72 ya wikendi, kisha t = 360, ujumlishe safu kila mara. Jumla ikikataa kuwa 1, usimpigie simu aliyeuza jenereta. Rudi uangalie ulichokiandika.